Mpango wa moto na kuwatoa wageni: zamu ya usiku, hoteli ya vyumba 54, Kariakoo

Toleo la tatu, Julai 2025. Nakala zikae mapokezi, chumba cha walinzi, jikoni na kwa fundi wa zamu. Kila anayeanza kazi hapa ausome na kutembezwa njia zote mbili za kutokea kabla hajapangiwa usiku.

JENGO

Ghorofa ya chini ina mapokezi, duka na chumba cha jenereta upande wa nyuma. Mgahawa na jiko viko ghorofa ya 1. Vyumba vinaanzia ghorofa ya 2 hadi ya 7, tisa kila ghorofa. Ngazi ni mbili. Ngazi A ipo kando ya lifti na inashukia mapokezi. Ngazi B ipo mwisho wa korido na inatokea uchochoroni nyuma. Usiku wafanyakazi ni watano: mpokezi, walinzi wawili, fundi wa zamu na mhudumu wa vyumba. Hoteli ikijaa, watano hao wanabeba wageni zaidi ya 90 waliolala.

Mpango huu hautegemei gari la ngazi ndefu. Mtaa wetu una nyaya za umeme, vibanda na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili. Wageni watoke kwa miguu yao kwenye ngazi, au wakae salama nyuma ya mlango uliofungwa hadi wafikiwe.

KWA NINI MOSHI KWANZA

Aliyelala hanusi moshi ukamwamsha. Hewa chafu inamzidisha usingizi. Tena moshi haukai ulipozaliwa. Mwaka 1980 hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas iliwaka kwenye eneo la mgahawa, ghorofa ya chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na moto wenyewe: moshi uliwafuata kupitia mashimo ya lifti na ngazi. Tarehe 21 Januari 2025 hoteli ya Grand Kartal huko Bolu, Uturuki, iliwaka usiku wageni wakiwa vitandani, wakafa watu 78. Walionusurika walisema hawakusikia king'ora.

Jiko letu liko chini ya vyumba vyote 54, na Ngazi A inapita kando yake. Kwa hiyo moto wa jikoni maana yake Ngazi A haitumiki, hata kama bado inaonekana safi.

MILANGO

Mlango wa chumba unapaswa kuzuia moto kwa dakika 30, na wa chumba cha ngazi kwa dakika 60. Kazi hiyo inafanyika ukiwa umefungwa tu. Kipimo cha kila wiki ni rahisi: fungua mlango kiasi cha sentimita 10, achia. Ukijifunga hadi ulimi wa kitasa ukaingia, umefaulu. Ukisimama njiani, mkono wa kujifunga urekebishwe siku hiyo hiyo. Kuweka tofali, ndoo au kabari kwenye mlango wa ngazi ili upepo upite ni kosa la kinidhamu, hata joto likiwa la Februari.

Mlango wa Ngazi B chini uliwahi kuwekewa kufuli kwa hofu ya wezi. Kufuli limeondolewa na halirudi. Sasa una komeo la kusukuma: wa ndani anatoka kwa kusukuma kwa kiuno, wa nje hawezi kuingia. Ukifunguliwa unalia kwa mlinzi, na hofu ya wizi inaishia hapo. Nondo za madirisha ya ghorofa ya 2 zina bawaba na zinafunguka kwa ndani bila ufunguo.

MIZIGO KWENYE KORIDO

Hili ndilo tatizo letu kubwa. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Komoro wanaofunga mzigo hapa. Chumba kikijaa marobota, yanayobaki yanapangwa koridoni, kisha kwenye ngazi. Nguo na viatu vya plastiki vikiwaka vinatoa moshi mweusi mzito, na robota moja likianguka gizani linaangusha watu kumi wanaoshuka.

Stoo ya bure ipo ghorofa ya chini, na mgeni aambiwe hivyo anapojiandikisha, si baada ya kupandisha mzigo. Mhudumu wa usiku apite ghorofa zote saa 3 na saa 6 usiku. Mzigo ulioko njiani unashushwa stoo mgeni akiwepo au asiwepo, na risiti inapitishwa chini ya mlango wake. Atalalamika. Mpokezi amsikilize kwa upole, lakini mzigo haurudi koridoni.

Chumbani tunakataza hita ya kuchovya kwenye ndoo, jiko la umeme na pasi ya mgeni mwenyewe. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo marufuku: inawekwa sakafuni, pazia au chandarua kinaigusa, inafukuta muda mrefu kabla ya kuwaka. Chandarua kizima na dawa ya kupulizia vinatolewa na hoteli.

KING'ORA

Sauti inayohitajika ni desibeli 75 kwenye mto wa kulalia, mlango ukiwa umefungwa na kiyoyozi kikifanya kazi. Tulipopima, vyumba 11 vya mwisho wa korido vilipata kati ya 61 na 68, kwa sababu ving'ora vilikuwa koridoni pekee. Ndiyo maana kila chumba sasa kina king'ora chake, cha sauti nzito ya hezi 520. Sauti nyembamba inawapita watoto, wazee waliopungukiwa usikivu na aliyelewa. Nzito inawaamsha zaidi.

Kitambua moshi kimoja kikishtuka, paneli inalia mapokezi peke yake kwa dakika 2. Asipoitikia mtu, au kitambua cha pili kikishtuka, au mtu akivunja kioo cha kitufe chekundu, jengo zima linalia. Mpokezi haruhusiwi kunyamazisha paneli kabla ya kupata jibu kwenye redio kutoka kwa aliyefika na kuona kwa macho. Mvuke wa bafuni utatusumbua mara kwa mara. Dawa yake ni kusogeza kitambua mbali na mlango wa bafu. Kukifunika kwa mfuko wa nailoni hakukubaliki.

DAKIKA KUMI ZA KWANZA

Mpokezi asome kanda kwenye paneli na kuitaja kwenye redio mara mbili: "Ghorofa ya tano, nyuma." Moshi au moto ukithibitishwa, au dakika 2 zikipita bila jibu, abonyeze king'ora cha jengo zima na kupiga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aseme mtaa, alama ya karibu, idadi ya ghorofa, moto uko wapi, na kwamba wageni wamelala. Asikate simu kabla ya kuambiwa akate. Kisha aite lifti chini na kuizima ikiwa wazi.

Fundi na mhudumu waende pamoja, kamwe si mmoja. Wapande kwa Ngazi B hadi ghorofa iliyo chini ya moto, wasikilize, ndipo wapande ya mwisho. Mlango wa chumba ushikwe kwa mgongo wa kiganja, kuanzia juu kushuka. Ukiwa wa moto, usifunguliwe. Ukiwa wa kawaida, fungua kidogo ukiwa umechuchumaa. Moto usiozidi ukubwa wa ndoo ya taka, mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 6, unatosha. Unamwaga kwa takriban sekunde 20 tu, basi lenga kwenye shina la moto. Mtungi mmoja ukiisha moto haujazimika, mtoeni mgeni, fungeni mlango, vunjeni kioo cha kitufe. Msifuate mtungi wa pili.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka jikoni, maji ni marufuku: yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta hadi darini. Funga gesi kwenye valvu ya nje penye mitungi ya kilo 38, funika kwa blanketi la moto, acha lilivyo hadi sufuria ipoe. Fundi azime feni ya kuvuta moshi wa mapishi. Umeme wa jengo zima usikatwe: taa za ngazi na pampu ya maji vinauhitaji.

Mlinzi wa mbele afungue mbao zote mbili za mlango na kuondoa pikipiki na mikokoteni ili gari la zimamoto lipite. Mlinzi wa nyuma asimame nje ya Ngazi B na tochi, awasukumie watu mbele. Anayetoka akisimama kizingitini kutafuta simu yake, ngazi nzima inasimama nyuma yake.

KUGONGA MILANGO

Ghorofa yenye moto kwanza, inayofuata juu yake, kisha ya 7 kushuka. Gonga kwa ngumi, sema "Moto! Toka sasa!", hesabu hadi kumi, fungua kwa ufunguo mkuu, washa taa, angalia kitandani na bafuni. Chumba kikiwa kitupu, funga mlango na uchore alama ya X kwa chaki karibu na kitasa. Moshi ukishuka chini ya usawa wa kichwa chako, rudi kwenye ngazi. Wasiofikiwa watatajwa kwa zimamoto.

Wafanyabiashara huamka wakatafuta pesa na pasipoti kwanza, na hapo dakika zinaliwa. Sefu ya mapokezi ni bure. Ipendekezwe wakati wa kujiandikisha. Mgeni wa kiti cha magurudumu, mjamzito aliyekaribia kujifungua au mwenye usikivu hafifu apangiwe ghorofa ya 2, jina lake lipigwe mstari mwekundu kwenye orodha, na mhudumu aanze naye.

KADI YA NYUMA YA MLANGO

Kadi iko kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, pamoja na ramani ya ghorofa husika. Maneno yake ni haya:

"Ndugu mgeni, ukisikia king'ora: vaa viatu, chukua ufunguo, gusa mlango. Ukiwa baridi, toka, ufunge nyuma yako, tumia ngazi. Usitumie lifti. Usipande juu. Ukikuta moshi ngazi hii, geuka uende nyingine. Mlango ukiwa wa moto au korido imejaa moshi, baki ndani. Ziba chini ya mlango kwa taulo lililolowa. Zima kiyoyozi na feni ya bafuni, kwa kuwa feni huvuta moshi wa korido kuingia chumbani. Piga 0 useme namba ya chumba chako. Pungia shuka dirishani. Usiruke."

KUHESABU NA KUKABIDHI

Mkoba mwekundu wa mapokezi una orodha ya wageni iliyochapwa saa 4 usiku na tena saa 8 usiku, tochi 2, chaki, filimbi, ufunguo mkuu wa akiba na ramani za ghorofa. Kukusanyika ni upande wa pili wa mtaa, mbele ya duka la vitambaa; uchochoroni hapafai, vioo vinadondokea huko. Hesabu kwa chumba, si kwa vichwa: mpita njia akijichanganya anaharibu hesabu ya vichwa.

Afisa wa zimamoto akifika, mpokezi amwambie kwa mpangilio huu: vyumba ambavyo watu hawajaonekana, moto uko wapi, ngazi ipi ni safi, mitungi ya gesi na dizeli ya jenereta vilipo. Kisha ampe ufunguo mkuu na ramani. Hakuna anayerudi ndani, awe mgeni au meneja, hadi afisa huyo aruhusu. King'ora kunyamaza si ruhusa.