Barua kwa Baba kuhusu simu za matapeli

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miwani mipya haikuumizi tena masikioni. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usilazimike kumwita mjukuu akusomee, maana barua hii nataka uisome mwenyewe, taratibu, na ukipenda uisome mara mbili.

Tangu Jumapili uliponisimulia habari ya yule kijana "wa benki", usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Ulivyosimulia ilichekesha kweli: amekuita kwa majina yako yote matatu, amekwambia kuna mtu anachota pesa kwenye akaunti yako sasa hivi, anataka umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu, nawe unapapasa meza nzima kutafuta miwani mpaka simu ikazima chaji. Wote mezani walicheka. Mimi nilijikaza tu, Baba. Ile miwani iliyopotea ndiyo iliyookoa akiba yako.

Ngoja nikueleze zile tarakimu ni nini. Kijana yule alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa benki kwenye simu yake, akaingiza namba yako. Benki, kwa kutaka kuhakikisha kwamba ni wewe, ikatuma tarakimu sita kwako. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa wa benki kweli, ila aliyeuomba ni mwizi. Amefika mlangoni, amekosa ufunguo, akakupigia umrushie ufunguo dirishani. Benki haina haja ya kukuuliza tarakimu ilizozituma yenyewe. Anayekuuliza hizo, au namba yako ya siri, au zile tatu za nyuma ya kadi, ni mwizi hata akiwa na sauti ya upole kama ya shemeji.

Najua utaniuliza: majina yangu matatu aliyapata wapi? Baba, majina yetu yamezagaa. Tumejaza fomu ngapi maishani, tumeandika namba za simu kwenye madaftari mangapi ya getini? Orodha hizo huibwa na kuuzwa. Hata sisi watoto wako tunabandika picha zako mtandaoni siku yako ya kuzaliwa, na umri tunauandika. Kwa hiyo mtu kujua jina lako si ushahidi wa chochote. Na namba inayoonekana kwenye kioo nayo isikutulize. Wanaweza kuifanya simu yako ionyeshe namba ya benki yenyewe, au hata jina langu, ilhali anayepiga yuko kwingine kabisa.

Maneno yao hubadilika kila siku, kwa hiyo usihangaike kuyakariri. Sikiliza mambo mawili. La kwanza ni haraka: akaunti inafungwa leo, polisi wako njiani, zawadi inaisha muda saa kumi. Wanataka usipate nafasi ya kuwaza. La pili, ambalo mimi naliogopa zaidi, ni siri: "usikate simu", "usimwambie mtu yeyote, hata watoto, maana uchunguzi unaendelea". Mtu mwema hana sababu ya kukutenga na watoto wako.

Kuna hili nalo. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha sauti yake kilichorekodiwa. Unaweza kupigiwa ukasikia ni mimi, nalia, nimepata ajali au nimekamatwa, pesa inatakiwa sasa hivi. Ikitokea, uliza lile swali letu la mbuzi. Unalijua swali na jibu unalijua, hapa siandiki, barua nayo husomwa na wengi. Nisipojibu sawasawa, si mimi. Kata, kisha unipigie kwenye namba yangu uliyonayo.

Mengine ni ya kupita tu. Pesa "iliyokosewa" ikatumwa kwako na mwenyewe anaililia: usirudishe kwa mkono wako, mwambie apeleke malalamiko kwa kampuni ya simu, halafu angalia salio lako, mara nyingi utakuta haikuingia hata senti, ule ujumbe kaubuni yeye. Zawadi ya kulipia ada kwanza si zawadi. Anayekutaka upakue programu ili "akusaidie" simu yako anataka kuiendesha akiwa kwake. Anayekwambia ubonyeze nyota, tarakimu na alama ya reli huenda anahamisha simu zako ziende kwake. Na namba ngeni ya nje ya nchi iliyolia mara moja ikakata, iache, wanategea upige wewe ukatwe pesa nyingi.

Sasa cha kufanya, na hapa nina ombi gumu. Wewe ulitulea tusimkatize mtu anapozungumza. Hata aliyekosea namba unamuuliza habari za nyumbani! Adabu hiyo ndiyo wanayoitumia kama ngazi. Naomba kwenye jambo hili moja uwe mkavu. Sema, "Nitapiga mwenyewe," ukate. Usisubiri akuage. Wala usibishane naye wala kumpima akili, najua unapenda, lakini kila dakika unayokaa hewani anajifunza kitu juu yako.

Ukishakata, usipige namba aliyokupa yeye. Tumia iliyochapwa nyuma ya kadi yako ya benki. Ukipata shaka, nenda tawini kwa miguu, watakuelewa.

Na ikiwa umeshateleza, umetoa tarakimu au umetuma pesa, piga benki au kampuni ya simu wakati huohuo wafunge akaunti, hata ikiwa saa nane usiku, kabla hata ya kunipigia mimi. Dakika za mwanzo ndizo pesa bado inaweza kuzuiwa. Kisha badilisha namba ya siri, utoe taarifa polisi, na usifute ujumbe wowote hata kama unakutia hasira. Vilevile simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati za wenzako zinashika, usikae kusubiri, huenda laini yako imesajiliwa upya na mtu mwingine. Omba simu ya jirani uulize. Halafu baadaye akitokea mtu wa kukwambia atakurudishia pesa zilizoibwa kwa malipo kidogo, huyo ni mwizi wa pili, na pengine ndiye yule wa kwanza.

Baba, kuna jambo sijawahi kukwambia. Miaka miwili iliyopita nilipigiwa kwamba mzigo wangu umezuiliwa, unahitaji malipo madogo ya kuutoa. Kweli nilikuwa nasubiri mzigo. Nilikuwa kazini, nina haraka, nikamsomea mtu nisiyemjua namba zote za kadi yangu, za mbele na za nyuma. Mshahara wote wa mwezi ulikwenda. Nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu kwa aibu, mimi niliyekuwa nikiwacheka wengine. Zile siku tatu za mwanzo ningesema, labda ningeokoa nusu. Kwa hiyo likikupata, usinifiche ukidhani nitakuona umezeeka.

Jumamosi nitakuja tuiandike namba ya benki kwa wino mzito, tuibandike ukutani pale unapochajia simu. Na siku nikikupigia ukanitilia shaka, nikatie tu. Nitapiga tena, na swali la mbuzi nitalijibu.

Ni mimi binti yako,
kifungua mimba wako