Orodha Mlangoni

Printa ya kafe yangu ya intaneti iligoma Jumatatu saa tatu asubuhi, saa ambayo hapa Busia hakuna mtu mwenye subira. Nilidhani ni karatasi imekwama. Nikafungua mgongo wake, nikapuliza, nikaipiga kofi moja la adabu. Kimya.

Kwenye foleni walikuwepo mawakala watatu wa forodha ambao malori yao yalikuwa yamesimama mpakani, msichana mwenye fomu ya pasipoti, na mzee aliyetaka nakala moja tu ya hati ya kiwanja lakini kelele zake zilitosha watu kumi. Baba Twaha, wakala anayecheka kabla mtu hajamaliza utani, akasema printa yangu nayo inataka kitu kidogo kama wengine wote wa mpakani.

Rashidi, mtoto wa kaka yangu, akainama kwenye kioo cha sava.

"Shangazi, printa haina kosa. Sava imeshiba."

Akanionyesha. Mstari mwekundu umejaa hadi ukingoni, chini yake: `212 MB free of 465 GB`. Akanieleza kwamba kazi ya kuprinti huandikwa kwanza kwenye diski, ikasubiri zamu yake hapo. Diski ikijaa, haina pa kusubiria.

Kosa ni la mpangilio wangu mwenyewe. Kafe ina mashine nane, lakini printa nimeiunga na moja tu, ile ya mezani kwangu. Kwa hiyo kila anayetaka karatasi hukaa kwangu, hufungua barua pepe yake, hupakua, huprinti, hulipa mia tano, huondoka. Faili hubaki. Hivyo hivyo kwa miaka saba. Sakafu nilikuwa nafagia asubuhi na jioni. Folda ya Downloads sikuwahi kuigusa ufagio.

Tukaifungua. Ilichukua muda kufunguka, kama mlango wa stoo ambayo magunia yameuegemea kwa ndani. Vitu 11,304.

Rashidi akapanga kwa ukubwa na kufuta filamu kwanza, kama ishirini hivi. Sikumuuliza ni nani hupakua filamu saa saba za usiku kwenye mashine ambayo ufunguo wake tunao watu wawili. Mstari haukusogea hata nukta.

"Mbona bado ni nyekundu?"

"Ziko Recycle Bin, shangazi."

"Yaani umetoa takataka sebuleni ukaziweka jikoni."

Akamwaga na hilo pipa. Printa ikakohoa, ikaanza kutema karatasi, watu wakaondoka na mambo yao. Ningeishia hapo. Lakini jioni, mvua ikiwa imefukuza wateja, nilirudi kwenye ile folda nikaanza kuteremka taratibu, na nakiri kwamba nilisahau hata kuwasha jiko.

Kulikuwa na namba za malipo ya kodi, zile PRN za kupeleka benki, mamia kwa mamia, muda wake umekwisha zamani. Kulikuwa na vyeti vya korona vya madereva, vya mwaka 2020 na 2021, na nikakumbuka foleni ya malori iliyokuwa ikitoka mpakani mpaka macho yanachoka kuifuata. Kulikuwa na vipande vya `.crdownload`, mizigo iliyokatikia njiani siku umeme ulipokatika. Na CV! `CV.docx`, `CV final.docx`, `CV final final (3).docx`, `CV ya kweli.docx`. Nilifungua sita. Zote sita zinapenda kusoma, kusafiri na mpira wa miguu, na zote zimetaja mwalimu mkuu yuleyule kama mdhamini. Mbili zilikuwa zimesahau hata kubadilisha jina la kijiji.

Baada ya hizo sita niliacha kufungua. Niliona haya, kama niliyeshikwa nachungulia mkoba wa mgeni.

Kufuta tu sikuthubutu. Niliwahi kumfutia mwalimu mmoja mtihani wa muhula, akanisomea maneno mpaka ya babu yangu aliye kaburini. Basi nikapata wazo ambalo usiku ule lilionekana la hekima: nikaprinti majina ya faili zote zilizonipa wasiwasi, kurasa tisa, nikazibandika mlangoni kwa gundi. Juu nikaandika kwa kalamu nene: MALI ZENU. NJOONI NA FLASHI KABLA YA IJUMAA.

Asubuhi nilipofika na ufunguo nilikuta umati. Moyo ukafurahi, nikadhani ni biashara. Kumbe kijana wa bodaboda alikuwa amepanda juu ya tofali anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"`Barua ya kuacha kazi.pdf`! Nani anaacha kazi? `Mkopo wa pili.docx`! Wa pili, jamani, na wa kwanza je?"

Watu wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka.

"`DNA_RESULT.pdf`!"

Hapo kicheko kilibadilika sauti. Mwaka 2023 redio zilikuwa DNA asubuhi, DNA jioni, na tangu hapo neno hilo likitajwa mtu humtazama jirani yake. Wanaume wakaanza kusukumiana: ni yako, ni yako wewe, yule wa mwisho hafanani nawe hata kucha. Mmoja hakupenda, akamkunja mwenzake shati. Mwanamke mwenye beseni la samaki akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Na mama mtu je, akipita hapa akasoma?"

Nilizichana kurasa zote tisa kwa kucha zangu. Gundi ilikuwa nzuri mno, vipande vingine viko mlangoni mpaka leo.

Siku nzima hakuna aliyekuja na flashi.

Saa moja kasoro jioni, Rashidi akiwa amekwenda kuswali, Baba Twaha aliingia. Hakuketi.

"Mama Sauda, ile faili ya asubuhi. Uliisoma?"

"Sikuifungua."

Akanitazama muda.

"Wallahi," nikasema. "Niliona jina tu. Na jina nalo sikupaswa kulibandika. Nisamehe."

"Hata mimi sijaifungua," akasema. "Siku ile niliipakua, nyuma yangu watu wamejipanga, wewe ukaniuliza kurasa ngapi. Nikakwambia subiri kidogo. Nikatoka."

Sikukumbuka. Watu wangapi wameniambia subiri kidogo.

Nikamsogezea kiti changu, nikaitafuta faili, nikainuka na kujifanya napanga karatasi. Mshale ulikaa juu ya ile faili. Nje mtoto alikuwa akipiga kengele ya baiskeli, krin, krin, halafu anangoja, halafu tena.

"Nikifuta inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye pipa, na inaweza kurudishwa. Ukitaka isirudi, shika Shift ndipo ubonyeze Delete."

Akabonyeza. Mashine ikauliza, `Are you sure you want to permanently delete this file?` Akaisoma midomo ikitembea, kisha akagonga Enter kwa kidole kimoja.

Nikatazama mstari wa diski kwa mazoea tu. Faili lilikuwa na KB 398. Mstari haukutikisika.

Akaweka elfu mbili mezani. Nilimwambia hakuna deni, akasema ni ya kuketi. Alikuwa ameshafika mlangoni nilipopata sarafu kwenye droo.

"Baba Twaha!" nikaita. "Chenji yako!"

Akageuka.