YAH: Mafao na mshahara wa mwisho wa marehemu Patrick Wafula

Ofisi ya Rasilimali Watu,
Barabara ya Obote, Kisumu.
27 Machi 2025

Kwa Mama Brian, Bi. Rose Nekesa, pamoja na familia nzima,
Webuye.

Poleni sana. Wengi wetu tulikuwa Webuye Jumamosi kumzika Patrick, na pengo lake hapa kiwandani tunalihisi kila zamu. Sikutaka kuzungumzia pesa pale kaburini, ila ni haki yenu kujua mapema kilicho chenu, kinalipwa na nani, na kwa karatasi zipi.

Kwanza, Sh100,000 zilizopewa kamati ya mazishi kupitia shemeji yako zilitoka kwenye bima yetu. Si mkopo, na hazitakatwa popote.

Patrick alifariki tarehe 11 Machi, lakini kampuni italipa mshahara wa mwezi mzima: Sh42,000 za msingi na Sh8,000 za nyumba. Saa za ziada za Februari ni Sh3,750. Alikuwa na siku 14 za likizo ambazo hakuzichukua, na kwa Sh1,400 kwa siku zinafika Sh19,600. Jumla ni Sh73,350 kabla ya makato ya kisheria, yaani kodi, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Alikuwa amechukua mshahara wa mapema wa Sh10,000 mwezi Januari. Wakurugenzi wameufuta, hatutaukata.

Hizi ndizo pesa pekee zinazohitaji mahakama. Sheria ya Ajira ya 2007 inatutaka tumlipe mwakilishi halali wa marehemu, na tumlipe ndani ya siku 30 baada ya kutuletea uthibitisho. Uthibitisho huo ni barua za usimamizi wa mirathi, ambazo huombwa mahakamani, au kupitia ofisi ya Mdhamini wa Umma hapa Kisumu. Miezi mitatu ikipita tangu kifo bila mwakilishi kujitokeza, tutalazimika kuzikabidhi kwa afisa wa leba azihifadhi. Hazitapotea, ila mtazifuata huko, kwa hiyo anzeni mapema.

Bima ya maisha ya wafanyakazi hulipa mara tatu ya mshahara wa msingi wa mwaka, na kwa Patrick ni Sh1,512,000. Pensheni ni tofauti tena, iko mikononi mwa wadhamini wa mfuko. Hapa naomba msome polepole. Fomu aliyojaza mwaka 2017 inamtaja mama yake mzazi, wewe, na Brian. Faith hayumo, kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Hilo lisiwatie hofu wala lisilete maneno nyumbani. Fomu huwaongoza wadhamini, lakini wao wanapaswa kumwangalia kila mtu aliyemtegemea marehemu, na mtoto hanyimwi kwa kuwa fomu ilizeeka. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha Faith msikiache.

NSSF mtaiomba wenyewe katika ofisi yao. Namba yake ya uanachama tumeiandika kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Sacco pia nendeni wenyewe, mkaulize akiba yake na kama mkopo wake ulikuwa na bima kabla ya kukubali kulipa chochote.

Tuleteeni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi mlichopewa hospitalini hakitoshi, ila ndicho mtakachotumia kuombea cheti, kwa eCitizen au Huduma Centre. Nakala zithibitishwe kadhaa, maana kila ofisi itataka yake. Pamoja nacho, barua ya chifu wa nyumbani inayotaja mjane, watoto wote na mama mzazi. Kitambulisho chako na cha Patrick. PIN yako ya KRA. Cheti cha ndoa, au kiapo kama mlioana kimila. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na kadi ya benki au taarifa ya akaunti yenye jina lako mwenyewe. Asili zake tutaziangalia na kukurudishia papo hapo.

Kabati lake tulilifungua mbele ya wenzake wawili. Kuna koti, redio ndogo, chupa ya chai na bahasha ya risiti za karo ya Brian. Vyote vimeorodheshwa na vinakungoja, pamoja na cheti chake cha utumishi. Bima ya matibabu yako na ya watoto itaendelea hadi 31 Desemba.

Hakuna ada ya kujaza fomu yoyote hapa. Mtu akikupigia simu akidai "kitu kidogo" ili faili isonge, usitume hata shilingi, na unijulishe mara moja.

Njoo siku yoyote ya kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na uje na unayemwamini. Karatasi moja ikikosekana usisubiri, njoo na zile ulizo nazo tuanze. Nauli ya watu wawili kutoka Webuye tutairudisha.

Wako katika majonzi,

Beatrice Anyango
Meneja wa Rasilimali Watu

Nakala: Wadhamini wa mfuko wa pensheni, Afisa wa leba, Kisumu