Ripoti ya Daktari kwa Ajili ya Rufaa ya Hifadhi: Hali ya Akili ya Bw. H.N.

Kwa: Kamati ya Rufaa ya Hadhi ya Ukimbizi, kupitia wakili wa mwombaji
Mombasa, 14 Oktoba 2024

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Wakili wa Bw. H.N. (jina limefupishwa kwa usiri) aliniomba nimpime mteja wake na nieleze iwapo hali yake inawiana na mateso anayodai kufanyiwa. Simtibu mwombaji huyu. Nimefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso na kuyaandikia ripoti, toleo la 2022. Nilimhoji faraghani tarehe 24 Septemba na 1 Oktoba, bila mkalimani, kwani ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na kwao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Nimesoma pia maelezo yake ya awali na uamuzi uliokataa ombi lake.

Maelezo yake

Ana miaka 34, ni fundi simu, anaishi Likoni. Anasema kwamba tarehe 12 Desemba 2015, siku moja baada ya kambi za jeshi kushambuliwa Bujumbura, watu waliovaa sare walimkamata Nyakabiga nyumbani kwa rafiki yake. Alifungwa macho, akapigwa, kisha akazamishwa kichwa ndani ya pipa la maji mara nyingi huku akitakiwa kutaja vijana walioandamana mwezi wa Aprili. Kila walipokuja kumchukua, alisikia kwanza mlio wa funguo. Aliachiliwa baada ya jamaa zake kutoa fedha.

Niliyoyaona

Alikuja kwa wakati, nadhifu, akachagua kiti kinachotazama mlango. Katika mahojiano ya kwanza askari wa zamu alipita nje na kifungu cha funguo. Bw. H.N. alinyamaza katikati ya sentensi, akabana mikono katikati ya mapaja, jasho likamtoka usoni. Hakujibu chochote mpaka nilipomwita jina kwa mara ya pili, kisha akauliza tulikuwa tumefikia wapi.

Huota ndoto za kukosa pumzi, na huamka akikohoa. Usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Hukwepa habari za kwao na watu wa kwao. Kubwa zaidi, na hili hakulitaja mpaka nilipomuuliza kuhusu ibada, hawezi kupandisha maji puani wakati wa kutawadha. Hutayamamu kwake chumbani na maji yapo, na ameacha kwenda msikitini ili asiulizwe. Alilieleza hili akitazama sakafu. Huoga kwa kitambaa kilicholowa.

Kwenye PCL-5, dodoso la dalili za kiwewe, alipata alama 52 kati ya 80, na kwenye PHQ-9, dodoso la sonona, alama 15 kati ya 27. Alama hizo peke yake hazithibitishi kitu, kwani dodoso hujazwa na anayehojiwa. Nazitaja kwa kuwa zinakubaliana na niliyoyaona. Hana dalili za saikosisi. Hana mawazo ya kujiua kwa sasa.

Kutofautiana kwa maelezo

Ombi lilikataliwa hasa kwa sababu mwanzo alisema alizuiliwa siku nne, baadaye akasema ni kama wiki. Kwangu pia alisita. Mtu aliyefungwa macho, asiyelala, asiyejua mchana wala usiku, hana cha kuhesabia siku. Kumbukumbu ya tukio la namna hiyo mara nyingi hubaki vipande vipande: harufu, sauti na maumivu vikiwa wazi, mpangilio na muda vikiwa na ukungu. Mambo ya msingi, yaani pipa, funguo na maswali aliyoulizwa, hayakubadilika katika maelezo yote niliyoyasoma na kuyasikia.

Je, anaigiza? Nililichunguza hilo. Anayeigiza kwa kawaida hukubali kila dalili anayotajiwa. Huyu alikana kadhaa, na akasema mwenyewe kwamba hasira zake zimepungua tangu apate kazi.

Maoni yangu

Ana ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe (6B40 katika ICD-11) pamoja na sonona ya wastani. Sonona inawiana na maelezo yake, lakini ingeweza pia kutokana na maisha ya ukimbizini, kutengana na mama yake na hofu ya kurudishwa. Dalili za kiwewe ni jambo jingine. Hofu ya maji usoni na puani, pamoja na mshtuko wa funguo, zinawiana sana na mateso anayoyaeleza. Sababu nyingine zinazoweza kuzizalisha kwa pamoja ni chache. Nilimuuliza kuhusu ajali ya majini na kuhusu kupoteza fahamu kwa kupigwa kichwani, akakana vyote. Sisemi ni uthibitisho usio na shaka, kwa sababu dalili za akili hazimtambulishi aliyetenda wala mahali. Kuamua hadhi yake ni kazi ya Kamati.

Akihojiwa tena, naomba apewe mapumziko, akae akiuona mlango, na asiulizwe tarehe mfululizo. Anahitaji tiba ya kisaikolojia ya kiwewe, na kumrudisha alikoteswa kunaweza kuizidisha hali yake kwa kiasi kikubwa, ikiwemo hatari ya kujiua.

Nimeandika kwa kadiri ya ujuzi wangu, na niko tayari kuhojiwa juu ya ripoti hii.

Imetiwa saini na mhuri,
Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Mombasa