Shavu la Kushoto

Kutwa nzima Lusekelo husafisha nyuso za watu. Kibanda chake kiko Mwanjelwa, jirani na wauza mitumba, na wateja wake wengi huja kupiga pasipoti saizi za kuombea kazi. Wengine huja na picha zao kwenye simu, wanainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, nisafishe kidogo." Anaelewa. Chunusi, weusi chini ya macho, alama ya kuungua utotoni. Haulizi. Anafungua Snapseed, anagusa Healing, kidole kinapita na ngozi inakuwa laini.

Picha yake mwenyewe aliifikia jioni moja ya Julai, saa ambayo watu walikuwa wamelizunguka jiko la muuza mihogo ya kuchoma, wakitaka moto kuliko mihogo. Alikuwa amefungua WhatsApp ya biashara, na mahali pa sura yake aliweka kamera. Dada yake Atupele, mwalimu huko Vwawa, hakuridhika. "Weka sura yako," alimwandikia, "watu wajue wanamtumia nani hela. Na hilo kovu litoe, si ndiyo kazi yako?"

Kovu linaanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka mpaka pembe ya mdomo. Lilitokana na mundu. Walikuwa wanatoka shule, kwao Rungwe, mvua ikawakuta njiani kama inavyowakuta watoto wote wa kule, na Atupele akaingia kwenye migomba kukata majani wajifunike. Mundu alikuwa nao kwa sababu siku hiyo wanafunzi waliambiwa waje nao kufyeka. Alirudisha mkono nyuma kwa nguvu, hakujua kwamba mdogo wake ameshasogea kupokea jani. Akambeba mgongoni mpaka zahanati, vilima na matope, naye yuko darasa la sita tu.

Nyumbani hakuna aliyemchapa. Pengine angechapwa ingekuwa nafuu, maana tangu siku hiyo amekuwa akijilipisha mwenyewe: ada ya sekondari ya mdogo wake, kodi ya kwanza ya kibanda. Na kila akija Mbeya, hata ndani ya bajaji, anahakikisha amekaa kuliani kwa Lusekelo.

Lusekelo aliongeza mwanga, akainyoosha picha iliyokuwa imelala upande, akatoa chunusi ya kidevuni iliyotokea wiki ile. Kisha akalikuza shavu. Kidole kikapita mara moja, kikarudia, kovu likaisha. Akabonyeza pale pa kulinganisha, akashikilia, akaachia. Likaja, likaondoka.

Kijana aliyebaki kwenye kioo cha simu alikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Lakini pembe ya mdomo ilikuwa bado imevutwa juu, na sasa hapakuwa na kitu kinachoivuta. Alionekana kama mtu anayemdharau kila anayemtazama. Ingebidi na mdomo aushushe, na akishaushusha huo, sijui angeishia wapi.

Akamfikiria Atupele akiifungua picha ile katika ofisi ya walimu. Macho yake yangekwenda kwanza kwenye lile shavu. Angekuta pasafi, na angejua kwamba miaka yote hii hata mdogo wake aliona kuna kitu cha kuficha.

Akagusa mshale wa kurudisha nyuma, mara mbili. Akahifadhi, akaiweka.

Simu iliita hata hajafunga kibanda.

"Lusekelo, umesahau."

"Shikamoo dada. Sijasahau."

"Marahaba. Nilikuomba jambo moja tu."

"Najua. Lakini wateja wananiona nalo kila siku. Nikilitoa watadhani wamekosea namba."

"Usinizungushe." Alinyamaza kidogo. "Unajua kila nikifungua simu nitaliona?"

"Lione, dada. Mimi nikiliona naukumbuka mgongo wako. Sare yako yote ililowa damu yangu, na wewe unaimba njia nzima ili nisisinzie."

"Nani aliimba? Nilikuwa nalia."

"Mimi nilisikia wimbo."

Upande wa pili kukawa na kelele za kupenga kamasi, kisha mlango ukafungwa, halafu kimya kirefu mpaka Lusekelo akaangalia kama salio limekata.

"Upo, dada?"

"Nipo. Naitazama." Sauti ilikuwa bado nzito. "Hiyo kola mbona hujaipiga pasi?"

Lusekelo akaikuza picha. Kweli, kulikuwa na kunjo kubwa lililokatiza kola nzima.

"Hilo nalitoa sasa hivi," akasema.