Ratiba ya kufuatilia madeni ya duka, 6 Julai hadi 15 Agosti 2026

Iddi mdogo wangu, hii nimeiandika tuifuate wote wawili, mimi na wewe, ili asije mtu akaambiwa hivi na mimi alafu wewe ukamwambia vingine. Ibandike ndani ya mlango wa stoo, sio dukani, wateja wasiione. Jana usiku nimejumlisha daftari mara mbili na jumla yake ni 432,000, watu 7, na mengine yapo tangu Machi. Wa jumla pale sokoni anataka tulipe mzigo wa sukari na mafuta katikati ya Agosti, ndo maana nimeweka wiki 6.

Kabla ya tarehe, mambo haya uyashike.

Anayedaiwa akija na hela yake mkononi kununua, muuzie. Akileta 2,000 ya unga mpe unga wa 2,000, usikate deni humo humo wala usimwambie "afadhali hii ingepunguza lile la zamani", maana mtu ukimfanyia hivyo mara moja tu keshokutwa anazunguka njia ya nyuma kwenda duka lingine, alafu tumepoteza deni na mteja kwa pamoja. Hela ya deni tutaiomba siku yake. Ila mkopo mpya hapana mpaka la zamani limepungua nusu, na hilo umwambie kwa upole, "dada amesema kwa sasa tunauza keshi mpaka mzigo ukae sawa", usimwambie yeye ndo sababu.

Usimtume mtoto akamwambie mama yake anadaiwa. Usidai mbele ya wateja, usidai msibani, usidai mtu akiwa anatoka kanisani au msikitini. Usipige simu baada ya saa 2 usiku. Jina la mtu lisipandishwe stetasi wala kwenye grupu la mtaa, hiyo ni tabia ya mikopo ya kausha damu wanaowatumia meseji mpaka wakwe wa mdaiwa, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sisi hatutaki kufika huko. Deni ni la yeye na sisi.

Na kila hela ikiingia, hata 500, iandike pale pale na mwenye deni aone unaandika: tarehe, alicholipa, kilichobaki, alafu aweke sahihi. Akilipa kwa simu iende kwenye lipa namba iliyobandikwa dirishani, sio namba yako wala yangu, na umwandikie meseji kwamba imefika.

WIKI YA 1, Jumatatu 6 hadi Jumamosi 11 Julai. Wiki hii hatudai, tunahakikisha hesabu tu. Jumanne ni Saba Saba, iache. Jumatano kuanzia saa 4 asubuhi tunatuma hii kwa kila mtu na hesabu yake, isipokuwa Bibi wa nyumba ya kona na Mzee wa Dakawa. Hii ni ya Mama Salma:

"Habari za asubuhi Mama Salma, poleni na majukumu. Tunapitia daftari la duka, kwako tumeona jumla ni 148,000, mchele kilo 30, mafuta ya kula lita 10 na unga wa ngano, ya mwisho ulichukua 12 Juni. Naomba uangalie kama inalingana na hesabu yako, kama kuna sehemu tumekosea tuambie turekebishe. Ahsante sana kwa kutuunga mkono. Mama Rehema, duka la kona."

Vitu alivyochukua na tarehe lazima viwepo, mtu akiona namba kavu anaanza kubisha hata kama anajua ni kweli. Akisema imezidi usibishane kwenye simu, mwambie apite tufungue daftari pamoja. Kama ukurasa hausomeki na hakuna sahihi yake, tunachukua hesabu anayosema yeye, yaishe.

WIKI YA 2, 13 hadi 18 Julai. Sasa tunaomba mpango, bado hatuombi hela yote. Jumatatu:

"Habari ya leo Baba Neema. Kuhusu ile 61,000 tuliyokubaliana hesabu wiki iliyopita, naomba unisaidie tupange utaweza kulipa kidogo kidogo kuanzia lini na kiasi gani kwa wiki. Sema kiasi ambacho hakitakubana nyumbani, tukiandike. Nashukuru ndugu yangu."

Nimeshamfikiria kila mmoja anapata hela lini, ndo tutakachopendekeza kama wenyewe hawana wazo:

Mama Salma, 148,000. Yeye hela yake inazunguka kila siku ila na mtaji ndo huo huo, ukimkamua unaua biashara ya mama lishe na deni linakufa nayo. Alete 16,000 kila Jumamosi, tarehe 18, 25 na 1 Agosti, hiyo ni 48,000. Wiki ya Nane Nane asilipe kitu kabisa, anaweka banda la chakula kule viwanjani na atahitaji kila shilingi ya kununua kuku na mchele. 50,000 alete Jumatatu 10 Agosti, na 50,000 ya mwisho Jumamosi 15.

Dula wa bodaboda, 23,000. Huyu ukimwomba 23,000 kwa mkupuo hutaipata mpaka Desemba, maana jioni ana hesabu ya bosi, kuna mafuta, kuna kula. 1,000 kila jioni Jumatatu hadi Jumamosi akipita kununua mkate, kuanzia tarehe 13, anamaliza Ijumaa 7 Agosti. Mvua ikinyesha siku nzima usimuulize.

Baba Neema fundi, 61,000. Saiti analipwa Jumamosi, kwahiyo 15,000 tarehe 25 Julai, 1 na 8 Agosti, alafu 16,000 tarehe 15. Akisema hana kazi, ukuta wa stoo una nyufa pale chini panapoingia maji, anaweza kulipa kwa kuuziba, ila bei ya kazi tukubaliane na kuiandika kabla hajashika mwiko.

Mwalimu, 96,500. Tunamngoja mshahara. 50,000 mwezi huu, 46,500 mwisho wa Agosti, najua inatoka nje ya hii ratiba ila yeye hajawahi kutuangusha.

Mpangaji aliyehamia Mkundi, 37,000. Simu tu, usimfuate kwake kabla ya wiki ya 6.

Mzee wa Dakawa, 52,000. Amevuna mpunga lakini anangoja bei ipande, na sio kosa lake, wakulima wengi wanauzia shambani kwa hasara kwasababu ya madeni kama haya. Nitaongea nae mimi. Akitaka kuleta mchele badala ya hela tunapokea kwa bei ya jumla ya siku hiyo, tunapima kwa kilo kwenye mzani wetu mbele yake, hakuna mambo ya debe.

Bibi wa nyumba ya kona, 14,500. Usimtumie meseji, usimuulize. Mwanae akimtumia hela kutoka Dar huwa anakuja mwenyewe na kitambaa chake anafungua fundo kwenye meza. Akifika 15 Agosti hajaweza nalifuta, nimeshaamua, na mkate wake wa asubuhi uendelee.

WIKI YA 3, 20 hadi 25 Julai. Meseji ya kukumbusha inaenda siku moja kabla ya siku ya ahadi, ukituma siku yenyewe unamkuta hela imeshatoka. Fupi tu:

"Habari Baba Neema, nakukumbusha tu kesho Jumamosi ndo ile 15,000 yetu. Duka liko wazi mpaka saa 3 usiku. Siku njema."

Mwalimu tumtumie meseji mshahara ukishatoka, utajua tu maana walimu wote wa mtaa wanakuja siku hiyo hiyo kununua sukari. Mwache siku moja apumue alafu:

"Shikamoo mwalimu, habari za kazi. Naomba nikukumbushe ile 50,000 ya mwezi huu kama tulivyopanga, ukipata nafasi pita au tuma kwenye lipa namba ya duka. Ahsante sana mwalimu."

WIKI YA 4, 27 Julai hadi 1 Agosti. Hapa tutajua nani anatimiza na nani amekaa kimya. Aliyekaa kimya namfuata mimi, peke yangu, saa 10 jioni, kabla watu hawajarudi kujaa barazani. Wewe baki dukani. Nikifika nitasalimia, nitauliza habari za watoto, alafu nitasema hivi, na ukikutana nae wewe njiani akaanza mwenyewe, sema hivyo hivyo:

"Sijaja kugombana. Nimeona kimya nikasema labda kuna shida, nikaona nije nisikie mwenyewe. Ile ahadi ilikuwa kubwa? Tuipunguze. Hata 3,000 kwa wiki ni sawa, mradi nijue."

Akisema kuna mgonjwa au kazi imesimama tunasogeza wiki 2 na tunaandika tarehe mpya. Mara moja. Akiomba kusogeza mara ya pili bila kulipa hata mia, nae ataingia kwenye wiki ya 6.

Wa Mkundi apigiwe simu moja Jumatano. Asipopokea usipige mara kumi, tuma:

"Habari ndugu yangu, natumaini mmekaa vizuri huko Mkundi. Bado tuna ile 37,000 ya kuanzia Machi. Kama hali ni ngumu niambie tupange, naweza kupokea kwa awamu 3. Naomba jibu lako kufikia Jumamosi."

WIKI YA 5, 3 hadi 8 Agosti. Nane Nane ni Jumamosi, mji unajaa wageni na wewe utakuwa na kazi ya kuuza maji na soda. Hakuna kufuatilia mtu mpya wiki hii, pokea za Dula na Baba Neema tu. Ijumaa Dula akimaliza mpe soda, namaanisha, na umsomee "imeisha" kwenye daftari asikie.

WIKI YA 6, 10 hadi 15 Agosti. Kwa ambaye hajalipa kitu na hajasema kitu, na yule aliyeomba kusogeza mara ya pili bila kulipa, hao tu, ipelekwe barua kwenye bahasha iliyofungwa, mkononi mwake:

"Ndugu yetu, salamu. Tumekukumbusha tangu 8 Julai kuhusu deni la 37,000 na hatujapata jibu. Tunaheshimu ujirani wetu na tungependa tuyamalize wenyewe. Naomba ufike dukani au upige simu kabla ya Jumamosi 15 Agosti tupange namna ya kulipa. Ikishindikana nitaomba tukae pamoja mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa atusaidie kupatana. Wako, Mama Rehema."

Mwenyekiti ni wa kutupatanisha, sio wa kumtisha mtu nae, kwahiyo usimtaje mapema kwenye meseji yoyote. Na polisi usiwataje kabisa, deni la duka sio wizi. Likishindikana hata kwa mwenyekiti, nitaangalia kama linastahili kupelekwa Mahakama ya Mwanzo au tuliache, na hilo nitaamua mimi.

Kila anayemaliza, siku hiyo hiyo apate hii:

"Ahsante sana Mama Salma, leo umemaliza, deni ni 0. Tunashukuru kwa uaminifu wako, karibu tena dukani."

Alafu ukurasa wake upigwe mstari mmoja mwekundu kutoka kona hadi kona, asaini chini. Usiuchane.

Jumamosi 15 jioni tukifunga, kaa na daftari na kikokotoo, tunajumlisha kilichoingia, na Jumatatu asubuhi naondoka nacho kwenda kwa wa jumla.

Dada yako.