Kii ya rangi na alama za hendauti: grupu yetu ya fiziolojia

Wenzangu, hii ndio kii, kila mtu aikate abandike nyuma ya ukurasa wa kwanza. Tunaanza na hendauti ya moyo maana testi ni Alhamisi na zile kurasa 22 hakuna atakayezisoma zote asubuhi hiyo.

Raundi ya kwanza soma bila hailaita mkononi. Ukipaka huku wasoma kila kitu chaonekana muhimu, mwishowe ukurasa mzima ni manjano na hapo hujapaka kitu. Raundi ya pili ndio upake, tena maneno, sio sentensi.

MANJANO: maana ya neno, basi.

PINKI: namba. Nodi ya SA mapigo 60–100 kwa dakika, nodi ya AV 40–60, nyuzi za Purkinje 20–40. Hizi zirudie ukingoni moja chini ya nyingine uone zinavyoshuka, ndio utaelewa kwa nini SA ndio bosi na wengine ni akiba tu.

KIJANI: vitu vya kufuatana, kama njia ya damu. Paka neno la kwanza na la mwisho, halafu ukingoni andika idadi ya hatua ndani ya duara, ukihesabu kichwani ikipungua wajua umeruka mahali.

Biro NYEKUNDU: vitu vinavyofanana vikatuchanganya. Trikaspidi kulia, maitro kushoto.

Sasa ukingo, na mimi naona hapa ndio kazi yenyewe, rangi yakuonyesha tu pa kutazama. Ukingo wa kushoto kila aya iwe na swali moja fupi, mfano "Mbona ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" na JIBU USILIANDIKE hapo, tafadhali. Ziba aya kwa mkono, jibu (yasukuma damu mwili mzima, ya kulia ni mapafu tu), kisha fungua uangalie. Ukingo wa kulia ni alama: nyota kama mwalimu alikirudia darasani, ? kama hujaelewa, vema ukishakijua, na penye vema usirudi tena.

Fotokopi zetu ni nyembamba na joto hili la Mombasa mikono yatoa jasho, wino wapenya upande wa pili, kwa hivyo nyuma ya karatasi piga mstari kwa penseli badala ya kupaka. Na atakayetoa kopi ya mwenzake akumbuke rangi haitokei kwenye nyeusi na nyeupe, basi kando ya kila rangi weka herufi: M, P, K.

Asubuhi ya testi, nyinyi wa Likoni mkiwa kwenye feri pitieni pinki zote kwanza maana namba ndizo hutoroka haraka, kisha nyota, kisha maswali ya kushoto. Manjano ziacheni. Zile ? zilizobaki tukutane nazo saa moja na nusu nje ya maktaba, testi yaanza saa mbili.